Sweta za Akriliki katika Shule ya Bweni Mbeya: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Usuli

Kisa hiki kinahusu karakana ndogo ya ufumaji iliyo pembezoni mwa jiji la Mbeya na shule moja ya sekondari ya bweni iliyo kwenye miinuko ya jirani. Majina ya wahusika yameondolewa, na mambo machache ambayo yangeweza kuwatambulisha yamebadilishwa. Mimi, ambaye kazi yangu ni kufundisha ufumaji wa mashine, niliombwa kuyatazama malalamiko baada ya pande zote mbili kushindwa kuelewana.

Shule iliagiza sweta 120 kwa ajili ya wanafunzi wa kidato cha tano ambao walitarajiwa kuripoti mwezi wa Julai. Mbeya iko kwenye kimo cha takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka mara kwa mara chini ya nyuzijoto 10. Mvua huwa imekwisha, hewa inakuwa kavu, na upepo wa alasiri hupenya kila mahali. Mtu anayetoka Pwani au Kanda ya Ziwa kuja kusoma katika hali hiyo anahitaji sweta inayofanya kazi yake kikamilifu.

Barua ya shule ilisema "sweta za sufu". Mwenye karakana alijibu kwa maandishi kwamba sufu halisi haingewezekana kwa bei iliyotajwa, na kwamba angetumia uzi wa akriliki, yaani uzi unaotengenezwa kiwandani kutokana na kemikali za mafuta ya petroli ili kushika nafasi ya sufu. Shule ilikubali. Jambo hilo ni muhimu kulitaja mapema, kwa sababu baadaye ilisemekana kwamba shule ilidanganywa, na haikuwa hivyo.

Sababu za mwenye karakana za kuchagua akriliki zilikuwa nzuri. Wanafunzi wa bweni hufua wenyewe, kwa sabuni ya unga na kwa kusugua kwa nguvu. Sufu ikifuliwa namna hiyo hugandamana na kusinyaa mpaka sweta ya mtu mzima inamfaa mtoto. Akriliki haigandamani. Nondo hawaili, rangi yake haififii upesi juani, na inakauka haraka, jambo ambalo lina uzito mahali ambapo mwanafunzi ana sweta moja tu.

Mfululizo wa matukio

Uzi ulionunuliwa ulikuwa wa koni, wa aina iliyotuna, ambao ukiubonyeza kwa vidole unarudi juu wenyewe. Fundi alifuma kwa vitanzi vilivyolegea kiasi, ili sweta iwe laini na ili uzi utoshe. Sweta ya kipimo cha kati ilikuwa na uzito wa gramu 310 hivi.

Mzigo wa kwanza wa sweta 45 ulimaliziwa kama karakana hiyo ilivyozoea kumalizia sare zote: kila sweta ilitandazwa mezani, ikavutwa mpaka ilingane na kipimo cha karatasi, ikafunikwa kwa kitambaa cha pamba kilicholowa, kisha ikapigwa pasi ya mkaa. Zilitoka zimenyooka, zimelala, zinakunjika vizuri. Mtunza stoo wa shule alizisifu.

Mzigo wa pili wa sweta 30 ulikwenda bila kupigwa pasi, kwa sababu tu muda ulikuwa umebana na kijana wa pasi alikuwa amesafiri kwa msiba. Zilionekana nene na zenye mikunjo, na mtunza stoo alinung'unika. Sweta 45 za mwisho zilikuwa bado hazijafumwa.

Wiki chache baada ya wanafunzi kuripoti, matroni alimpigia simu mwenye karakana. Maneno yake, kama mwenye karakana alivyoyasimulia, yalikuwa haya: "Fundi, sweta zako zinapitisha baridi kama chandarua, na nyingine zimekuwa gauni." Yaliyofuata yalikuwa ni malalamiko manne yaliyochanganywa kana kwamba ni moja. Sweta hazina joto na zinalegea. Usiku zikivuliwa zinatoa cheche, nywele zinasimama, na sketi inang'ang'ania miguuni. Kwapani na mikononi zimeota vipele, yaani vile vidonge vidogo vya nyuzi vinavyojikusanya juu ya kitambaa. Na mwanafunzi mmoja aliyeanika sweta yake karibu na jiko la kuni la shule ameikuta mkono mmoja umekuwa mgumu, wenye kung'aa kama plastiki.

Uamuzi wa kwanza wa shule ulikuwa kusitisha malipo yaliyobaki. Uamuzi wa kwanza wa karakana ulikuwa kusema kwamba akriliki ndivyo ilivyo, na kwamba anayetaka joto anunue sufu. Nilifika wakati kauli hizo mbili zimeshatolewa.

Uchunguzi

Nilianza kwa kuhakikisha uzi wenyewe ni nini. Kipande cha uzi kilichoshikwa kwa koleo na kuwashwa juu ya sahani ya bati kiliwaka upesi kwa moshi mweusi, kikaacha donge gumu jeusi lisilovunjika kwa vidole. Sufu ingenuka kama nywele zinazoungua, ingeelekea kuzimika yenyewe ikiondolewa motoni, na ingeacha jivu linalosagika. Kwa hiyo uzi ulikuwa akriliki kama ulivyouzwa, wala hapakuwa na udanganyifu wa muuza duka.

Kisha tulizitenganisha sweta za mzigo wa kwanza na za mzigo wa pili. Hapa ndipo safari ya msiba ya yule kijana ilipotupatia kitu ambacho jaribio la kupangwa lisingetoa kwa urahisi: uzi uleule, mashine ileile, fundi yuleyule, tofauti ikiwa ni pasi peke yake. Sweta moja ya kila mzigo, zote za kipimo cha kati, zilikuwa na uzito uleule kwenye mizani. Lakini sweta nne zilizokunjwa sawasawa na kuwekewa ubao juu yake zilifikia kimo cha sentimita 16 kwa zile zisizopigwa pasi, na sentimita 11 tu kwa zile zilizopigwa. Urefu wa mgongo ulikuwa sentimita 61 kwa isiyopigwa pasi na 66 kwa iliyopigwa. Ukingo wa chini na wa mikononi, ambao kwa kawaida hufumwa kwa mistari ili ubane, ulikuwa ukivutwa kwenye sweta za mzigo wa kwanza unabaki umevutika.

Matroni, ambaye hakuwa ameambiwa zipi ni zipi, aliulizwa ni wanafunzi gani walikuwa wamelalamikia baridi. Alitaja majina, na kwa sehemu kubwa walikuwa wamepewa sweta za mzigo wa kwanza. Malalamiko ya cheche na ya vipele, kinyume chake, yalitoka pande zote mbili kwa usawa.

Kwa nini pasi iliondoa joto

Joto la sweta, iwe ya sufu au ya akriliki, halitoki kwenye uzi. Linatoka kwenye hewa iliyotulia katikati ya nyuzi. Unywele wa kondoo huzaliwa umejikunja kwa mawimbi madogo, na mawimbi hayo huzizuia nyuzi zisilaliane. Akriliki inatoka kiwandani imenyooka, hivyo kujikunja huko lazima kutengenezwe. Katika uzi uliotuna wa sweta hufanywa kwa kuchanganya nyuzi za aina mbili: zilizokwisha kusinyazwa, na zilizovutwa zikiwa na moto na ambazo bado zina hamu ya kusinyaa. Uzi ukipitishwa kwenye mvuke ukiwa haujabanwa, aina ya pili inajifupisha, na aina ya kwanza, isiyo na pa kwenda, inajipinda na kusukumwa nje. Hapo uzi unatuna. Akriliki pia ni nyepesi kuliko sufu: sentimita moja ya ujazo ya akriliki ina gramu 1.17 hivi, ya sufu gramu 1.31, kwa hiyo kwa uzito uleule unapata nyuzi nyingi kidogo zaidi za kushikilia hewa. Sweta ya akriliki iliyotunzwa vizuri, kwenye hewa tulivu na mwilini mwa mtu mkavu, inakaribiana sana na ya sufu kwa joto.

Lakini umbo hilo limetengenezwa kwa joto, na joto linaweza kulifuta. Akriliki kavu huanza kulegea inapokaribia nyuzijoto 85 hadi 100. Ikilowa, maji huingia kati ya minyororo ya kemikali na kuilainisha, na kiwango hicho kinashuka hadi karibu na nyuzijoto 70. Kwenye kimo cha Mbeya maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100, na hata mvuke huo "wa baridi" unavuka kiwango cha kulegea kwa zaidi ya nyuzijoto 20. Fundi alikuwa amefanya mambo matatu kwa pamoja: alilowesha, akachemsha, akakandamiza kwa chuma kizito huku kitambaa kikiwa kimevutwa. Nyuzi zikalegea, zikalala chini, zikapoa katika hali hiyo, na zikashika umbo jipya kama umbo lao la kudumu.

Wazo lake halikuwa la kijinga. Sufu humaliziwa hasa kwa njia hiyo. Ukiitandaza, ukaipa mvuke na kuiacha ipoe, inapendeza, na ikifuliwa tena inarudisha sehemu kubwa ya mtuno wake. Aliyejifunzia kwenye sufu na pamba hana sababu ya kushuku kwamba kitambaa kinachofanana na sufu machoni na mkononi kitakufa chini ya pasi ileile. Tulijaribu kuizamisha sweta moja ya mzigo wa kwanza kwenye maji ya moto, tukaiacha ipoe ndani ya maji yaleyale bila kuishika, ili tuone kama itarudi. Urefu ulipungua kidogo. Unene haukurudi.

Kulegea kwa vitanzi kuliongeza tatizo ambalo pasi ililianzisha. Kwenye hewa tulivu kitanzi kilicholegea hakina madhara makubwa, ila alasiri ya Julai huko mlimani upepo hupita kwenye matundu na kuifagia ile hewa ya joto. Sufu iliyofumwa vilevile ingepitisha upepo vilevile; jambo hili si la aina ya uzi.

Cheche

Hapa lawama ya akriliki ni ya haki. Katika hewa ya kawaida sufu hunywa unyevu wa karibu asilimia 14 hadi 16 ya uzito wake. Akriliki hunywa asilimia 1.5 hadi 2. Unyevu ndio unaoruhusu umeme tuli kutawanyika kidogo kidogo bila mtu kujua. Penye nyuzi kavu, hewa kavu ya Julai na shati la sare la poliesta ambalo nalo ni kavu vilevile, umeme unaozalishwa na msuguano hauna njia ya kuondoka mpaka sweta ivuliwe kichwani, ndipo unaruka kwa mkupuo. Katika bweni lenye giza, cheche za buluu ni habari inayosambaa kabla ya kengele ya asubuhi, na matroni alilazimika kuwaeleza wasichana wawili watatu kwamba hakuna aliyewafanyia kitu.

Tulipomwomba mwanafunzi mmoja avae sweta yake juu ya shati la pamba, cheche zilipungua sana, ingawa hazikuisha. Kusuuza sweta kwa maji yenye dawa kidogo ya kulainisha nguo kulipunguza zaidi, kwa sababu dawa hiyo huacha juu ya nyuzi utando unaovuta unyevu. Athari yake huondoka baada ya kufua mara moja au mbili, hivyo inabidi irudiwe.

Vipele

Vipele vilikuwa mahali ambapo ungevitarajia: kwapani, ubavuni panaposuguliwa na mkono, na chini ya kigasha panapolalia ukingo wa dawati. Miisho ya nyuzi huchomoza, ikasuguana, ikajiviringisha pamoja. Hilo hutokea kwa sufu pia, lakini unywele wa sufu ni dhaifu zaidi, kwa hiyo kidonge kikishakua kidogo shina lake hukatika na kikadondoka chenyewe. Unyuzi wa akriliki una nguvu karibu mara mbili, na shina halikatiki. Kidonge kinabaki kimening'inia na kuendelea kukua. Vitanzi vilivyolegea viliruhusu nyuzi nyingi zaidi kuchomoza, na ndiyo maana sweta za mizigo yote miwili ziliathirika.

Palikuwa na mgongano ambao ilitubidi kuukubali badala ya kuutatua. Dawa ya kulainisha inayotuliza cheche huzifanya nyuzi ziteleze, na nyuzi zinazoteleza huchomoza kwa urahisi. Anayeitumia kila wiki ananunua utulivu wa usiku kwa vipele vya mwezi ujao. Tulishauri itumike mwezi wa Juni hadi Agosti tu, kipimo kikiwa nusu ya kile kilichoandikwa kwenye chupa, na mvua zikianza iachwe kabisa, kwa kuwa unyevu wa hewa wenyewe unatosha.

Maamuzi yaliyofuata

Kwa sweta 45 za mwisho, vitanzi vilikazwa. Uzito ulipanda kutoka gramu 310 hadi 350 hivi, na karakana ilibeba gharama ya uzi wa ziada. Mimi ningependa kigasha kifumwe kwa kukazwa zaidi ya kifua, lakini mashine ya fundi ingemlazimu kubadili kipimo katikati ya kila kipande, na hakuna aliyeona kwamba inafaa. Pasi iliondolewa kabisa: sweta zililoweshwa kwa maji baridi, zikakamuliwa ndani ya taulo, zikatandazwa kwenye meza kwa kipimo, zikaachwa zikauke. Mtunza stoo aliambiwa mapema kwamba zitaonekana nene.

Kwa mzigo wa kwanza, kuifumua sweta nzima na kuifuma upya kusingesaidia, maana uzi wenyewe ulikuwa umeshakufa. Fundi alifumua kingo peke yake, akafuma nyingine kwa uzi mpya na kupunguza urefu. Sweta hizo zikapata umbo la sweta, ila hazikupata joto lote. Shule ikakubali wanaozivaa waruhusiwe kuvaa koti juu yake wakati wa upepo, na malipo ya mzigo huo yakapunguzwa kwa makubaliano.

Wanafunzi walielekezwa kufua sweta ikiwa imegeuzwa ndani nje, kwa maji ya baridi au vuguvugu, kuikamua bila kuipotoa, na kuilaza kwenye majani au kwenye mkeka badala ya kuitundika kwenye kamba ingali nzito kwa maji. Kuhusu vipele, ushauri wa kwanza uliotolewa na shule ulikuwa kuvinyoa kwa wembe. Sweta kadhaa zilitoboka siku hiyohiyo. Ukabadilishwa na mkasi mdogo, sweta ikiwa imetandazwa juu ya daftari, kidonge kikikatwa bila kuvutwa, kwa sababu kukivuta kunachomoa nyuzi nyingine za kutengeneza kidonge kipya.

Matokeo

Kufikia Oktoba malalamiko ya baridi yalikuwa yamebaki kwa wenye sweta za mzigo wa kwanza. Sweta za mzigo wa mwisho zilikuwa na vipele vichache kuliko za mzigo wa pili, ingawa zilikuwa zimevaliwa kwa muda mfupi zaidi, na sitaki kuutia chumvi ulinganisho huo. Cheche ziliendelea mpaka hewa ilipoanza kuwa na unyevu, kisha zikatoweka bila msaada wa mtu. Shule ililipa na ikaagiza tena.

Uchambuzi wa yaliyobaki

Lipo lalamiko moja ambalo lilikuwa limefichwa ndani ya neno "baridi", na ambalo kukaza vitanzi hakukuliondoa. Wanafunzi walikuwa wakienda mchakamchaka alfajiri wakiwa wamevaa sweta, kisha wanasimama mstarini. Hata waliokuwa na sweta nzuri za mzigo wa mwisho walisema kwamba wanapopoa wanasikia baridi ya ghafla mgongoni. Sufu inaweza kubeba mvuke wa maji hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla ya kuhisiwa kuwa imelowa, na inapoupokea mvuke huo inatoa joto kidogo. Akriliki haiupokei. Jasho linabaki katikati ya shati na sweta, na linapokauka linachukua joto la mwili. Hakuna umaliziaji wa karakana unaobadilisha hilo. Dawa ilikuwa ya ratiba: mchakamchaka wakimbie na shati, sweta ivaliwe baada ya kujifuta.

Ule mkono ulioharibikia jikoni ni suala la uzito mwingine. Akriliki inaanza kunata ikikaribia nyuzijoto 200, na ikishika moto huendelea kuungua na kudondosha matone ya moto yanayonata kwenye ngozi. Sufu ni ngumu kuwaka na huelekea kuzimika yenyewe. Mara hii sweta haikuwa mwilini mwa mtu. Shule ilikuwa imekusudia kuwapa wapishi wake sweta zilezile zilizosalia, kama zawadi ya msimu wa baridi. Kazi yao ni kuinama juu ya sufuria kubwa za ugali kwenye kuni tangu saa kumi alfajiri. Pendekezo hilo niliomba lifutwe, na wapishi wakapewa makoti mazito ya pamba, yenye mikono inayobana.